Mtoa mada kajitoa na ratiba ilishatoka: namna ya kuipanga upya siku na kuitangaza

Swali: "Wakuu, habari za jioni. Nipo sekretarieti ya kongamano la siku mbili hapa Mbeya. Mtoa mada mkubwa wa siku ya pili amepiga simu kwamba hawezi kuja, na ratiba tulishaisambaza kwa watu wote. Mwenyekiti wangu anataka tuvute mada zote mbele. Ni sawa? Na tangazo la muda mpya liandikweje watu wasichanganyikiwe?"

Mkuu, mwombe mwenyekiti asubiri kwanza. Kuvuta mada zote mbele ndilo wazo linalomjia kila mtu, na ndilo linalovuruga siku kuliko yote. Nimekaa sekretarieti za makongamano ya kilimo hapa Mbeya na kule Iringa kwa muda mrefu, na hili la mtoa mada kujitoa dakika za mwisho limenikuta zaidi ya mara moja. Nitakueleza kwa mfano mmoja nilioushughulikia mwenyewe, kwa sababu bila kuona saa zenyewe maelezo hayashikiki.

Lilikuwa kongamano la wadau wa viazi mviringo, na siku ya pili iliangukia Ijumaa. Ratiba tuliyokuwa tumeisambaza ilikuwa hivi:

Saa 2:00 asubuhi, kujiandikisha
Saa 2:30 – 3:45, Mbegu bora na ugonjwa wa mnyauko
Saa 3:45 – 4:30, Masoko na ujazo wa magunia
Saa 4:30 – 5:00, chai
Saa 5:00 – 6:15, Hifadhi ya viazi ghalani
Saa 6:15 – 8:00 mchana, chakula na Swala ya Ijumaa
Saa 8:00 – 9:00, kazi za makundi
Saa 9:00 – 9:45 alasiri, mgeni rasmi na kufunga
Saa 10:00 jioni, mabasi kuondoka

Aliyejitoa ni wa mada ya mbegu, ile ya kufungulia siku. Taarifa ilitufikia Alhamisi jioni. Dharura ya nyumbani, hakuna cha kubishana.

Sasa tuvute kila kitu mbele kwa hizo saa moja na robo, tuone kinachotokea. Mada ya masoko inaanza saa 2:30, lakini mtoa mada wake anatoka Makambako alfajiri na amejipanga kufika kabla ya saa 3:45. Hayupo. Chai inatakiwa saa 3:15, wakati mpishi anafikisha birika na vitafunwa saa 4:15. Chakula kinatakiwa saa 5:00, na wali bado upo jikoni. Swala ya Ijumaa haisogei kwa ajili ya kongamano la mtu. Mgeni rasmi ana ratiba yake ofisini na hawezi kuja saa 7:45 badala ya saa 9:00. Kwa hiyo unawabadilishia muda watu wote, halafu pengo lenyewe linabaki palepale, limehamia tu kati ya makundi na mgeni rasmi, pale ambapo watu wamechoka na wanaangalia saa ya basi.

Kuna wanaosema basi tuanze saa 3:45, watu wapumzike. Hilo si baya sana, maana linagusa mstari mmoja tu. Lakini kwetu lilikuwa na tatizo la maudhui. Kazi za makundi za mchana zilikuwa na maswali matatu, na la kwanza lilihusu mbegu. Ukiifuta mada ya mbegu, makundi yanakaa kujadili jambo ambalo hawajalisikia. Kabla hujafuta mada yoyote, angalia ni kipindi gani cha baadaye kinaitegemea. Watu wengi wa sekretarieti huangalia saa peke yake, wakaja kugundua mchana kwamba nusu ya kazi ya makundi haina pa kushika.

Tulichofanya ni kulihamisha pengo. Mtoa mada wa hifadhi alikuwa analala nyumba ya wageni iliyo jirani na ukumbi tangu Jumatano, mada yake ilikuwa na urefu uleule wa dakika 75, na haikuhitaji kusikilizwa baada ya nyingine yoyote. Tukamwomba aje saa 2:30. Mada ya mbegu ikaenda saa 5:00, baada ya chai. Mistari miwili tu ikabadilika. Masoko, chai, chakula, swala, makundi, mgeni rasmi na mabasi, vyote vikabaki kama vilivyo.

Kuna sababu mbili za kulipeleka pengo saa 5:00. Kwanza, tulipata muda wa asubuhi wa kutafuta wa kuiendesha mada hiyo kutoka kwa watu waliokwisha kufika ukumbini. Pili, kipindi kinachopakana na chakula kinavumilia kuisha mapema. Kikiisha saa 6:00 badala ya 6:15, wanaokwenda msikitini wanatembea bila haraka na wengine wanapiga soga nje. Pengo la saa 2:30 asubuhi halina uvumilivu huo. Watu wamekaa kwenye baridi la Mbeya wakisubiri jambo lianze, na ukiwapoteza hapo siku nzima inakuwa nzito.

Kwa hiyo unapochagua nani asogezwe, swali la kwanza ni Alhamisi usiku analala wapi. Usimsogeze mbele mtu ambaye bado yupo barabarani. Anayetoka Dar kwa basi ana Kitonga ya kuipanda, na lori moja likilala pale foleni inaweza kula nusu siku. Anayekuja kwa ndege ya asubuhi anategemea wingu la Songwe liinuke. Mpe muda mpya mtu ambaye unaweza kumgongea mlango. Swali la pili ni urefu: dakika 75 zibadilishane na dakika 75. Ukichukua mada ya dakika 45 ukaiweka kwenye nafasi ya 75 umetengeneza pengo jipya la nusu saa, na ukifanya kinyume chake umekula chai.

Mpango wetu ulikuwa na udhaifu mmoja ambao lazima na wewe uuangalie kwako. Mada ya hifadhi iliwahishwa, kutoka saa 5:00 hadi saa 2:30. Kuwahisha ni hatari kuliko kuchelewesha. Anayeshika ratiba ya zamani, mada ikicheleweshwa, anakuja anasubiri. Ikiwahishwa, anakuja imekwisha. Kwetu wengi walikuwa wajumbe wa siku nzima, kwa hiyo haikuwa shida, isipokuwa wenye maghala wachache ambao walialikwa kwa mada hiyo pekee na waliambiwa wafike kabla ya saa 5:00. Hao hatukuwaachia tangazo la kundi. Walipigiwa simu mmoja mmoja Alhamisi ileile kabla hatujakata shauri, na kama wengi wao wangesema hawawezi kuwahi, tungeiacha hifadhi mahali pake na kuanza siku saa 3:45, mbegu tukaipachika kwenye saa ya makundi. Ukiwa na wageni wa mada moja, wao ndio wanaoamua, si urahisi wa sekretarieti.

Sasa tangazo. Usiandike hata neno kabla hujapata "ndiyo" ya watu wanaoguswa. Mpangilio wetu wa simu ulikuwa: mtoa mada wa hifadhi, kisha wenyeviti wa vikao viwili, kisha msaidizi wa mgeni rasmi, mshereheshaji, fundi wa sauti na projekta, na mpishi. Mpishi na msaidizi wa mgeni rasmi hawakubadilishiwa chochote, lakini lazima waambiwe hivyo kwa kinywa. Mpishi akisikia pembeni kwamba ratiba imebadilika, atajiamulia mwenyewe chai ije lini. Na hotuba ya mgeni rasmi inaweza kuwa imeandikwa tayari ikimshukuru kwa jina mtu ambaye hayupo. Msaidizi wake ndiye wa kulifuta hilo usiku.

Aliyejitoa naye muulize swali moja: tukiwatangazia watu, tusemeje? Yeye achague sentensi. Sababu zake za nyumbani au za afya si za kusambazwa kwenye kundi la watu wengi. Mwombe pia slaidi zake na ukurasa mmoja wa mambo makuu. Sipendi mtu mwingine asimame kuzisoma slaidi za mwenzake, maana swali la kwanza likija hana jibu. Tulichofanya ni kumpa afisa ugani ule ukurasa mmoja afungue kwa dakika kumi, halafu wakulima wawili wanaozalisha mbegu wakakaa mbele na mwenyekiti akawahoji. Mmoja wao alieleza namna ya kuupima mnyauko shambani, unakata shina, unalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi na kuangalia kama uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato. Watu waliandika hilo kuliko walivyoandika slaidi za jana yake.

Maneno ya tangazo letu yalikuwa karibu na haya:

MABADILIKO YA RATIBA, SIKU YA PILI (IJUMAA)
Toleo la 2, limetolewa Alhamisi saa 1:30 usiku. Toleo la kwanza lisitumike tena.

Mada mbili zimebadilishana muda:
HIFADHI YA VIAZI GHALANI sasa ni saa 2:30 hadi 3:45 asubuhi (ilikuwa saa 5:00).
MBEGU BORA NA MNYAUKO sasa ni saa 5:00 asubuhi hadi 6:15 mchana (ilikuwa saa 2:30). Mtoa mada aliyetangazwa hataweza kuwa nasi. Mada ipo, itaendeshwa kwa mazungumzo na wazalishaji wa mbegu pamoja na afisa ugani.

Yasiyobadilika: ukumbi, kujiandikisha saa 2:00 asubuhi, masoko saa 3:45, chai saa 4:30, chakula na Swala ya Ijumaa saa 6:15 hadi 8:00 mchana, makundi saa 8:00, kufunga saa 9:00 alasiri, mabasi saa 10:00 jioni.

Saa zote ni za Tanzania. Mwenye swali ampigie katibu, namba ipo kwenye kadi ya mwaliko.

Angalia lilivyopangwa. Salamu ndefu na masikitiko ya kamati hayapo juu, kwa sababu mtu anayefungua simu ndani ya daladala ya Mwanjelwa anasoma mistari minne ya kwanza, basi. Kilichobadilika kinakuja kwanza, kikiwa na muda mpya mbele na wa zamani kwenye mabano, ili aliyeshika karatasi ya zamani aone ni mstari gani wa kuukata. Kisha yasiyobadilika yametajwa moja moja. Wengi huyaacha haya wakidhani yanajulikana, na simu zote za usiku zinakuwa za kuuliza "na basi je?", "na chakula?". Na neno "mada ipo" ni la lazima. Ukisema tu mtoa mada hayupo, watu wataelewa mada imefutwa, na aliyekuja kwa ajili ya mbegu atabaki Tukuyu.

Kuhusu saa, hapa kwetu kuna mtego. Ukiandika "8:30" bila neno lingine, mmoja anaisoma asubuhi kwa kufuata simu yake na mwingine anaisoma saa nane na nusu mchana. Katika tangazo la Kiswahili tumia saa za Kiswahili tupu, na usiache "asubuhi", "mchana" au "alasiri" pale panapoweza kuleta utata. Kama una wageni wa Zambia au Malawi, waandikie tangazo lao peke yake kwa Kiingereza lenye saa za namna ya 08:30 na 11:00, usizichanganye mbili hizo kwenye karatasi moja. Na waambie wazi kwamba ni saa za Tanzania, kwa sababu nchi zao zote mbili zipo nyuma yetu kwa saa moja. Aliyevuka Tunduma au Kasumulu jana jioni na simu yake haijajirekebisha, au bado imenasa mtandao wa ng'ambo, atakuja ukumbini akiamini amewahi kumbe mada imekwenda saa nzima.

Njia ya kulifikisha: kwenye WhatsApp litume kama maandishi ya kawaida, si picha wala PDF peke yake. Picha haifunguki kwa mwenye bando la kuungaunga, na haitafutiki baadaye. PDF unaweza kuiambatisha kwa watakaochapa, ila jina la faili liseme toleo, kwa mfano `Ratiba_Siku2_Toleo2.pdf`, kwa sababu faili mbili zenye jina moja ndani ya simu ndiyo njia ya uhakika ya mtu kufungua ile ya zamani. Kama ujumbe wa ratiba ya kwanza bado unafutika kwa wote, ufute. Kama muda umepita, bandika tangazo jipya juu ya kundi.

Kwa wakulima wenye vitochi tulituma ujumbe mfupi. Herufi 160 ndizo zinazoingia kwenye ujumbe mmoja wa kawaida, kwa hiyo uandike upya, usikate lile refu:

MABADILIKO Ijumaa: Mada ya HIFADHI sasa saa 2:30 asubuhi. Mada ya MBEGU sasa saa 5:00 asubuhi. Chai, chakula, kufunga: muda uleule. Ukumbi uleule.

Usijiridhishe na tiki za bluu. Tiki inakuambia ujumbe umefunguliwa, haikuambii umeeleweka. Kwa watoa mada, wenyeviti na mshereheshaji, tuliwaomba wajibu kwa kuandika saa yao wenyewe: "nijibu unaanza saa ngapi". Anayejibu "sawa mkuu" hajajibu. Kwetu mwenyekiti wa kikao cha asubuhi alijibu "saa 5", ikaonekana wazi kwamba alikuwa anaifuata mada aliyoizoea badala ya kikao alichopangiwa. Simu moja ikamaliza jambo usiku uleule.

Ukumbini, karatasi za toleo la pili tulizichapa kwenye rangi tofauti, ya manjano, tukaweka mezani pa kujiandikisha, tukabandika mlangoni na karibu na meza ya chai. Mabegi yalikuwa yameshafungwa na ratiba ya zamani ndani, na kuyafungua yote usiku kusingewezekana, kwa hiyo anayejiandikisha alipewa karatasi ya manjano mkononi. Mshereheshaji saa 2:30 akasoma mistari miwili iliyobadilika tu. Asisome ratiba nzima. Akisoma nzima, watu watashindwa kujua kipi ndicho kipya.

Haya yote yanafaa ukipata taarifa siku moja kabla au zaidi. Ukiipata asubuhi yenyewe, watu wakiwa njiani, usiwahishe mada yoyote. Acha kila aliyebaki kwenye muda wake uliochapwa, na nafasi iliyo wazi ijazwe na maswali ya siku iliyotangulia au itangazwe kuwa mapumziko. Vilevile tofautisha anayechelewa na asiyekuja. Mtu akisema "nipo Ilula, foleni imeanza kutembea", usimwekee nafasi ya kumsubiri. Mhesabu kuwa hayupo, panga siku bila yeye.

Na kama aliyejitoa atapiga tena Ijumaa asubuhi kwamba mambo yamekaa sawa na atafika saa 5:30, mpokee vizuri, mpe kiti kwenye meza ileile ya mazungumzo na dakika zilizobaki za mada yake. Usitoe toleo la tatu milango ikiwa imeshafunguliwa, na usimwondoe mkulima uliyemwomba ajiandae usiku kucha ili kumpisha.

Weka hapa mistari ya siku yako ya pili pamoja na urefu wa kila mada, na useme kila mtoa mada atalala wapi usiku wa kuamkia siku hiyo. Tukiona hilo tutakuambia nani wa kumsogeza.